UZI: Jinsi ninavyoandika mwanga wa dirishani ndani ya skripti ili anayeshuti kwa simu asirudishe uso wenye vivuli vikali

kijenge_juu

Habari za jioni wadau. Mi naandika skripti fupi za wafanyabiashara wadogo hapa Arusha na Moshi, zile za sekunde 40 mpaka dakika moja, mtu anaongea na simu huku anaonyesha bidhaa yake. Sishuti mwenyewe. Natuma skripti kwa wotsapu, anayeshuti yuko kwake peke yake, simu imekaa kwenye stendi au imeegemezwa kwenye debe la unga, hana mtu wa kumwambia sogea huku geuka kule. Kwa hiyo asichokikuta kwenye karatasi hakipo.

Wiki mbili zilizopita nilimwandikia dada mmoja wa Moshi, anauza mafuta ya nywele anayopika mwenyewe. Skripti ya sekunde 45, shoti tano. Juu kabisa niliandika "shuti karibu na dirisha upate mwanga mzuri", basi. Akafanya hivyo hivyo, kosa lilikuwa langu. Alikaa karibu sana, bega linakaribia kugusa ukuta wa dirisha, saa tatu asubuhi, dirisha lake linatazama mashariki na jua lilikuwa linaingia moja kwa moja. Shavu la upande wa dirisha limeungua limekuwa jeupe, shavu la pili halionekani, kivuli cha pua kimekatika kama kimechorwa kwa kalamu mpaka pembe ya mdomo, na juu ya hayo yote nondo za dirisha zimempiga mistari mitatu shingoni na kifuani. Na kwenye ukuta nyuma yake kuna kichwa cha pili cheusi kinachezacheza kila akiongea.

Nikakaa nikaandika upya, sikugusa maneno ya kuongea hata moja, niligusa maelezo ya picha tu. Nayaweka hapa kama nilivyomtumia, kisha naomba mnikosoe maana nataka niwe na kawaida moja ya kuandika:

MWANGA (soma kabla ya kuwasha kamera)
Shuti kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi. Jua lisiwe linagusa sakafu ya chumba. Likigusa, subiri au funga pazia jeupe.
Zima taa zote za chumbani.
Tandika kanga sakafuni, upande wake mfupi uanzie ukutani chini ya dirisha uje ndani. Pale kanga inapoishia ndo weka kiti.
Simu isimame pembeni ya dirisha, karibu na fremu yake, usawa wa macho yako. Dirisha lenyewe lisionekane kwenye picha.
Ukitazama simu, pua yako iwe inaelekea kati ya simu na dirisha.
Upande wa ukuta (ule ambao hauna dirisha) simamisha kiti chenye shuka jeupe, karibu kabisa na wewe ila kisiingie kwenye picha.
Nyuma yako mpaka ukutani ziwe hatua mbili.

KAGUA: rekodi sekunde tano kisha angalia kivuli cha pua. Ukingo wake ukiwa mkali, jua bado linaingia. Ukingo ukiwa umeyeyuka na jicho la upande wa ukuta linaonekana vizuri, endelea.

Hapo kwenye kanga nimetumia kanga makusudi, kwa sababu kila mtu anayo na upana wake ni kama mita moja na kidogo. Nikiandika "mita moja" kila mtu ana mita yake.

---

sakina_boy

Dada mbona unajitesa, mwambie anunue ringi laiti, maduka ya vifaa vya simu mjini zimejaa na bei sio mbaya, anaweka mbele ya uso kivuli kinaisha. Mi nashuti usiku, nashuti mvua ikinyesha, sihitaji kujua jua liko wapi. Dirisha ni kazi ya kubahatisha.

---

fundi_wa_shanty

Nimeshuti harusi na vipaimara Moshi miaka kumi na nane, sasa hivi vijana wananiletea simu niwafundishe. Sakina boy umesema kweli nusu. Ringi laiti ikikaa mbele kabisa kivuli cha pua kinajificha nyuma ya pua, sawa. Ila zile ndogo ukiisogeza mbali kidogo inakuwa kitaa kidogo tu na kivuli kinarudi kikali zaidi ya dirisha, kwa sababu ukali wa kivuli unatokana na ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganisha na umbali wake. Dirisha la mita moja na robo ukiwa umbali wa mita moja ni chanzo kikubwa mno, hakuna ringi ya elfu thelathini itakayolifikia. Na kosa la pili mnalolifanya sana ni kuwasha ringi mchana karibu na dirisha, shavu moja la njano shavu jingine la buluu, simu haijui ifuate rangi gani, mtu anaonekana mgonjwa. Ukitumia ringi funga dirisha, ukitumia dirisha zima ringi.

Sasa kwa mwenye uzi. Maelezo yako ni mazuri, hasa hiyo kagua. Umbali pia umepatia, mi huwa nasema mtu akae mbali na dirisha kiasi cha upana wa dirisha lenyewe. Akikaribia sana, kama alivyofanya mwanzo, shavu la karibu linapata mwanga mwingi mno kuliko la mbali, simu haiwezi kubeba yote mawili. Akirudi nyuma mita tatu, dirisha kwa macho ya uso wake linakuwa dogo na kivuli kinaanza kukaza tena, halafu chumba kina giza, simu inapandisha mwangaza yenyewe na picha inakuwa na chengachenga.

Ila nina swali, huo muda wa saa nane umeupataje? Maana umewaandikia saa, hujawaandikia dirisha linatazama wapi.

---

kijenge_juu

Ahsante sana fundi. Kwa yule dada nilijua ni mashariki kwa sababu alinitumia picha ya chumba. Jua hapa kwetu linavuka katikati karibu saa sita na nusu kwa saa ya ukutani, linacheza robo saa hivi huku na huku kutegemea mwezi, kwa hiyo dirisha la mashariki baada ya saa saba halipati jua lenyewe, linapata mwanga wa anga tu, na huo ndo tunaoutaka. La magharibi ni kinyume chake, asubuhi mpaka kama saa sita.

Ila kwa dirisha la kaskazini na kusini nilikuwa naandika "wakati wowote" na sina uhakika kama ni sahihi, video nyingi za mafunzo zinasema dirisha la kaskazini ndo bora.

---

fundi_wa_shanty

Hapo ndo wengi wanapotezwa. Hizo video zinatoka Ulaya na Marekani, kule jua la mchana linapita kusini mwaka mzima, dirisha la kaskazini karibu halioni jua. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, jua linatuvuka juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tisa linapita upande wa kaskazini, mwezi wa sita linakuwa limeenda kaskazini kabisa. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwanzo wa wa tatu linapita kusini.

Na uzuri wetu tuna mlima. Moshi ukiangalia Kibo umeangalia kaskazini, Arusha ukiangalia Meru umeangalia karibu na kaskazini. Kwa hiyo waandikie hivi: kama dirisha lako linatazama mlima, Disemba shuti saa yoyote, jua haliingii kutwa nzima. Kama limeupa mlima kisogo, basi Juni na Julai ndo zako. Ukiwa na dirisha la mlima mwezi wa saba, jua la saa sita liko juu sana na upenu wa bati mara nyingi unalikata, ila asubuhi na jioni linaingia kwa kukingama, hapo pazia linahitajika.

Hakuna haja ya dira wala kusema kaskazini. Sema mlima.

---

kijenge_juu

Hii nimeinakili mara moja. Nilikuwa nawaandikia "kaskazini" na mtu ananiuliza kaskazini ni wapi, mlima kila mtu anaujua hata siku ambayo wingu limeufunika.

---

usa_river_view

Wadau mi nina swali hilo hilo, dirisha langu linaona Meru vizuri sana na nataka kwenye video zangu mlima uonekane nyuma yangu kupitia dirishani ila kila nikishuti mi natoka mweusi tii na mlima unaonekana au mi naonekana na dirisha linakuwa jeupe kama karatasi. Nitumie setingi gani? Simu yangu ni ya kawaida.

---

kijenge_juu

Kaka, yako ni tofauti kidogo, mi naongelea dirisha liwe pembeni na lisionekane kabisa kwenye picha. Wewe unataka liwe nyuma.

---

fundi_wa_shanty

Hakuna setingi, kaka. Nje mchana kuna mwanga mara nyingi sana kuliko ndani, simu inachagua kimoja. Njia zilizopo ni mbili. Shuti jioni saa kumi na mbili, jua likikaribia kuzama mwanga wa nje unashuka unakaribiana na wa ndani, hapo unawasha taa mbele yako na una kama dakika kumi na tano tu za kufanya kazi. Au kaa nje kibarazani kwenye kivuli, mlima nyuma. Mi ningechagua kibaraza.

---

mama_vitenge_majengo

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nisaidieni na mimi. Nashona mikoba ya vitenge, chumba changu dirisha lipo moja na mbele yake hatua moja tu kuna ukuta wa jirani umepakwa kijani. Jua haliingii hata siku moja kwa hiyo hayo ya saa hayanihusu. Vivuli vikali sina. Ila uso wangu kwenye video una ukijani na vitenge vya rangi ya chungwa vinatoka kama vimefubaa, wateja wakija wanasema mama mbona mkoba sio huu. Nilifunga chandarua dirishani nikidhani nitapunguza, kikawa kibaya zaidi.

---

fundi_wa_shanty

Marahaba mama. Chandarua chako ni cha buluu?

---

mama_vitenge_majengo

Ndio, hivi vya kugawiwa kliniki.

---

fundi_wa_shanty

Basi ndo hivyo. Mwanga unabeba rangi ya mahali ulipogonga mwisho. Umegonga kijani cha jirani ukapita kwenye buluu ya chandarua ukakufikia wewe. Kitambaa chochote cha dirishani lazima kiwe cheupe kabisa, hata krimu inaleta unjano. Ukuta wa jirani huwezi kuupaka rangi, ila jaribu hili: shuti mchana jua likiwa juu, kaa chini kabisa kwenye mkeka karibu na dirisha, ili uso wako uone kipande cha anga kilicho juu ya ule ukuta. Angalia kwa macho yako mwenyewe, ukiwa umekaa ukainua macho unaona anga? Kama unaona, huo mwanga ndo utakaokufikia. Kama huoni hata kidogo, dirisha hilo ni la kukaa tu, hamia mlangoni. Mlango uliofunguliwa ni dirisha kubwa.

---

mama_vitenge_majengo

Mlangoni ni koridoni, wapangaji wanapita na ndoo. Nitajaribu mkeka, mrejesho nitaleta.

---

dogo_ngarenaro

Mi niko upande wa pili, mi ndo huwa natumiwa skripti nashuti. Dada kijenge maelezo yako yana faida ila ni marefu, mtu akiona mistari nane kabla ya neno la kwanza anaruka, anaenda kwenye maneno ya kusema. Na mara nyingi anasoma skripti kwenye simu ile ile anayoshutia, akishaiweka kwenye stendi hasomi tena. Mi ningependa kila shoti iwe na mstari wake mmoja wa mwanga pale pale juu ya maneno, nisikumbuke vitu vya ukurasa wa kwanza.

Kitu kingine, mwandishi mmoja aliniandikia "dirisha liwe kushoto". Kushoto kwangu au kushoto kwenye picha? Nilikuwa natumia kamera ya mbele, kwenye skrini najiona kama kwenye kioo, nikaweka nilivyoelewa, video ilivyotoka imegeuka, shoti nyingine nilishuti na kamera ya nyuma haikugeuka, zikiunganishwa mwanga unaruka kutoka shavu hili kwenda shavu lile kila baada ya sekunde tano. Nikarudia zote.

---

kijenge_juu

Dogo hilo la kushoto na kulia ndo lilinifanya nikaandika "upande wa dirisha" na "upande wa ukuta". Dirisha halihami, kioo kikigeuka kisigeuke mtu hawezi kukosea. Hata bidhaa naandika hivyo, "shika chupa kwa mkono wa upande wa dirisha", maana akiishika kwa mkono wa upande wa ukuta chupa inaingia gizani na mkono wake unapita mbele ya kifua unaweka kivuli. Na sasa naandika kamera moja tu kwa video nzima, ya nyuma, isipokuwa mtu aseme hawezi.

Kuhusu urefu, nakubaliana nusu. Nimejaribu kuweka mstari kwenye kila shoti, ikawa watu wanahamisha kiti kila shoti kwa sababu wanadhani kila mstari ni agizo jipya, mwanga ukawa tofauti tofauti. Kwa hiyo nikarudisha juu. Labda kwenye shoti niandike kile kinachobadilika tu.

---

dogo_ngarenaro

Hapo sawa, kinachobadilika tu. Ila bado nasema mistari nane ni mingi.

---

fundi_wa_shanty

Mi napendelea juu, kwa sababu kiti na simu zikishakaa hazitakiwi kuguswa. Ila dogo naye ana hoja. Mnaweza kumwambia apige picha moja ya chumba kilivyopangwa amtumie mwandishi kabla ya kushuti, dakika mbili tu.

Dada, kuna kitu hujakigusa na kwetu huku ndo kinasumbua kuliko jua lenyewe, mawingu. Mwezi wa sita wa saba asubuhi Arusha na Moshi kumefunikwa, mwanga ni laini mzuri sana, hata dirisha la mashariki unashuti saa tatu bila pazia. Halafu kati ya saa nne na saa sita wingu linaanza kupasuka, jua linatoka dakika moja linaingia tena. Mtu yuko katikati ya sentensi uso unawaka, simu inashtuka inapunguza mwangaza, wingu linarudi, simu inapandisha. Video inapumua. Hiyo kwenye kuediti huiponyi.

---

kijenge_juu

Ndio, hiyo imenitokea na video ya mteja wa Ngaramtoni. Naandika "bonyeza uso wako kwenye skrini ushikilie mpaka mwangaza ujifunge", kwenye aifoni inatokea AE/AF LOCK juu, kwenye simu nyingine nyingi inatokea kialama cha kufuli. Ila fundi mwangaza ukifungwa na jua likitoka si uso unaungua moja kwa moja?

---

fundi_wa_shanty

Unaungua ndio, na ndo vizuri, kwa sababu unaona wazi kwamba shoti imeharibika unairudia. Ile inayopumua mtu anadhani iko sawa mpaka aione kwenye skrini kubwa. Lakini afunge mwangaza akiwa ameushusha kidogo, kile kialama cha jua pembeni ya mraba akivute chini kiasi, ngozi yetu inabeba vizuri ikiwa imeshuka kidogo kuliko ikiungua, paji la uso likishakuwa jeupe hakuna kitu cha kurudisha.

---

sakina_boy

Hapo napinga. Mi ngozi yangu nyeusi sana, nikishusha nakuwa kivuli, macho na meno tu. Mi huwa napandisha.

---

fundi_wa_shanty

Ukuta wako nyuma ni rangi gani?

---

sakina_boy

Mweupe.

---

fundi_wa_shanty

Ukuta mweupe unaojaa fremu unaidanganya simu, inadhani mahali pana mwanga mwingi inashusha yenyewe, ndo maana wewe unalazimika kupandisha. Bonyeza usoni, usiache simu ichague. Au weka kitenge au shuka ya rangi iliyokolea kidogo nyuma, uone kama bado utapandisha.

---

sakina_boy

Nimejaribu sasa hivi na shuka ya damu ya mzee, kweli sijapandisha. Ila kushusha pia sijashusha, iko katikati.

---

kijenge_juu

Basi kwenye skripti sitaandika shusha wala pandisha, nitaandika "bonyeza uso, funga, angalia paji la uso na shavu la upande wa ukuta, vyote vionekane ngozi". Kila mtu ataamua kwa ngozi yake.

Na kwa ajili ya mawingu nimebadilisha namna ninavyoandika maneno yenyewe. Zamani shoti ya kwanza ilikuwa sentensi moja ndefu ya sekunde kumi na mbili, mwanga ukibadilika sekunde ya kumi imepotea yote. Sasa nakata, sentensi ya sekunde nne au tano, halafu naweka alama ya mkwaju pale ambapo mtu anaweza kusimama na kuanza tena bila kusikika vibaya. Wingu likipita anamalizia hadi kwenye mkwaju, anasubiri, anaendelea. Na pale kwenye mkwaju naweka shoti ya chupa au mikono ya kufunika mshono, kwa hiyo hata uso ukiwa umebadilika kidogo mtazamaji haoni vikiwa vimegusana.

Pia nampangia kushuti sio kwa mfuatano wa hadithi. Shoti zote za uso kwanza mfululizo, kiti hakisogei, kama dakika ishirini. Shoti za chupa mwisho, kwa sababu chupa naweza kuisogeza dirishani mwanga ukiwa umepungua, uso siwezi.

---

dogo_ngarenaro

Hiyo ya mkwaju naipenda. Chupa je, ikiwa inang'aa? Nilishuti asali, kwenye chupa nzima kulikuwa na dirisha jeupe limekaa juu ya lebo.

---

kijenge_juu

Hata mafuta ya nywele ilikuwa hivyo. Nikaandika "inamisha kifuniko cha chupa kuja kwenye simu kidogo kidogo mpaka dirisha litoke kwenye lebo". Chupa ya duara mng'ao hauondoki wote, unasogea tu pembeni unakuwa kama mstari mwembamba, na mstari huo unapendeza unaonyesha ni kioo. Shida ni ukikaa juu ya jina.

---

usa_river_view

Na fremu je, simu iwe mbali kiasi gani? Mi nikishika kwa mkono pua inakuwa kubwa.

---

kijenge_juu

Ndo maana nasema isimame kwenye fremu ya dirisha, kiti kikiwa kwenye mwisho wa kanga simu inakuwa mita moja na zaidi kutoka usoni, pua inarudi ukubwa wake. Ikiwa bado unaona mpaka magoti basi simu ni mbali, sogeza. Naandika "picha ikate chini ya kifua, juu ya kichwa ibaki nafasi ya vidole viwili kwenye skrini, chini ya kidevu pabaki sehemu ya maneno", maana video za kusimama zina maandishi na vitufe vinakaa chini na pembeni, nikiweka mdomo chini sana kapsheni inaufunika. Na zile hatua mbili nyuma mpaka ukutani zinafanya kivuli cha kichwa kianguke sakafuni nje ya picha badala ya kupanda ukutani.

---

mama_vitenge_majengo

Nimerudi. Nimekaa kwenye mkeka saa saba mchana, nimevua chandarua. Anga naiona kipande kidogo kama kiganja juu ya ukuta wa jirani. Ukijani umepungua usoni kweli, sio kuisha. Mkoba wa chungwa umekuwa chungwa nikiunyanyua juu usawa wa kidirisha, nikiushusha mapajani unarudi kufubaa. Ila sasa kivuli kimekuja chini ya macho na chini ya kidevu ambacho zamani hakikuwepo.

---

fundi_wa_shanty

Mwanga sasa unatoka juu, mama, ndo maana. Tandika shuka jeupe mapajani na mbele yako kwenye mkeka, litarudisha mwanga chini ya kidevu. Na mkoba uuonyeshe ukiwa juu, usawa wa bega, usiweke mapajani.

---

kijenge_juu

Mama nitakuandikia skripti yako hivyo hivyo, "inua mkoba mpaka usawa wa bega la upande wa dirisha", neno "nyanyua" litakuwa kwenye kila shoti ya mkoba.

Na mrejesho wa dada wa Moshi umeingia leo mchana. Ameshuti saa nane na nusu. Nondo hazipo, kivuli cha ukutani hakipo, kivuli cha pua kimeyeyuka kinaishia katikati ya shavu. Kasoro mbili zimebaki. Shoti ya tatu uso umekuwa wa njano kidogo kwa sababu mtu wa nyumbani kwake aliwasha taa ya sebuleni na mlango ulikuwa wazi, sikuandika mlango ufungwe. Na shuka jeupe la upande wa ukuta alilisogeza karibu mno, shavu zote mbili zina mwanga sawasawa, uso umekuwa bapa kama picha ya pasipoti. Mi nataka upande wa ukuta ubaki na giza kidogo ili uso uwe na umbo, ila sijapata bado namna ya kuandika "kidogo" ambayo mtu aliye peke yake chumbani ataielewa kama ninavyoielewa mimi. Nimefikiria kuandika "rudisha kiti cha shuka nyuma mpaka uone mstari wa shavu", nampelekea kesho ashuti tena shoti ya tatu na ya nne.

---

dogo_ngarenaro

Mstari wa shavu mi nisingeuelewa. Andika umbali, mkono mmoja ulionyooka kutoka begani mpaka kwenye shuka.

---

fundi_wa_shanty

Mkono mmoja kwa dirisha lipi? Pazia likiwa limefungwa utakuwa mbali, likiwa wazi unaweza kuwa karibu. Mpe aanze na mkono mmoja na apige picha mbili, moja shuka likiwepo moja likiwa limeondolewa, akutumie zote. Wewe ndo uchague.

---

kijenge_juu

Sawa fundi, natuma hivyo, na mlango ufungwe nimeshaongeza.